YAH: MADAI YA SHILINGI 6,192,000 ZA BIDHAA ULIZOPOKEA BILA KULIPIA

4 Agosti 2025
Kumb. Na. MD/31/2025

Kwa: Ndugu Rajabu, mmiliki wa duka la vifaa vya shule
Kwa mkono, na nakala kwa simu

Ndugu Rajabu,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Kati ya Januari na Februari mwaka huu ulichukua kwetu mzigo mara tatu kwa mkopo, kwa makubaliano ya kulipa ndani ya siku 30 tangu kupokea. Hesabu yake ni hii:

Ankara Na. 0417 ya 8 Januari, katoni 60 za madaftari: 4,320,000
Ankara Na. 0452 ya 29 Januari, katoni 25 za madaftari na katoni 12 za kalamu: 2,460,000
Ankara Na. 0489 ya 19 Februari, mikoba 80 ya shule: 1,200,000
Jumla: 7,980,000
Toa malipo yako ya 14 Machi: 1,500,000
Toa katoni 4 za madaftari yaliyolowa, ulizorudisha: 288,000
Baki unayodaiwa: 6,192,000

Ankara ya mwisho ilitakiwa iwe imelipwa kufikia 21 Machi. Leo ni zaidi ya miezi minne imepita, na tangu zile 1,500,000 hatujapokea hata shilingi moja.

Kwamba mzigo ulifika hakuna ubishi. Hati zote tatu za kupokelea zina saini yako na muhuri wa duka. Ubora nao ulilalamikiwa mara moja tu, kwa zile katoni nne, na tulizikata kwenye deni bila mabishano. Deni lenyewe hujawahi kulikana: katika ujumbe wako wa 22 Mei uliandika kwamba utamaliza lote mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ule ulipita, wa Juni ukapita, na tangu katikati ya Julai simu zetu hupokei.

Ulimwambia mtu wetu wa mauzo kwamba wateja wako nao wamekukopa. Tunakuamini, na hali hiyo tunaijua kwa sababu ndiyo uliyotuweka sisi. Hata hivyo mapatano yetu ni ya wewe na sisi. Hayakusubiri wateja wako walipe. Isitoshe, mzigo huu uliuchukua msimu wa kufungua shule, na wakati ule uliagiza mara ya pili na ya tatu kwa sababu wa kwanza ulikuwa umetoka.

Kwa hiyo tunakutaka ulipe shilingi 6,192,000 zote kabla ya saa 10 jioni, Jumatatu tarehe 18 Agosti 2025, yaani siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Lipa kwenye akaunti ya benki iliyochapishwa chini ya kila ankara na uandike namba ya ankara kama maelezo. Usimkabidhi dereva wala mtu wa mauzo fedha taslimu, wala usitume kwenye simu ya mtu binafsi; malipo ya namna hiyo hatutayahesabu.

Kama huwezi kutoa zote kwa mara moja, njoo tuzungumze kabla ya tarehe hiyo. Tuko tayari kupokea 3,096,000 kufikia 18 Agosti, kisha 1,548,000 tarehe 15 Septemba na 1,548,000 tarehe 15 Oktoba, kwa sharti moja: mapatano hayo yaandikwe na utie saini. Ahadi ya mdomo hatutaipokea tena. Awamu moja ikikosekana, salio lote litadaiwa papo hapo. Mikoba ambayo haijauzwa na bado imo kwenye mifuko yake tutaichukua kwa bei ya ankara, baada ya kuihesabu pamoja nawe dukani.

Makubaliano yetu hayakutaja riba, na katika barua hii hatuidai. Lakini 18 Agosti ikipita bila malipo wala mapatano yaliyosainiwa, tutamkabidhi wakili faili hili afungue shauri mahakamani kudai deni, gharama za kesi na riba kwa kiwango ambacho mahakama itaona kinafaa. Hatutakuandikia tena kabla ya hapo.

Kuanzia leo huduma ya mkopo kwako imesimamishwa. Ukihitaji bidhaa, utauziwa kwa fedha taslimu.

Kama unaona kuna kosa katika hesabu hii, lete risiti au hati yako kwa maandishi ndani ya siku saba. Malipo usiyotuonyesha hatuwezi kuyaingiza.

Tafadhali saini nakala ya pili ya barua hii na umrudishie aliyeileta, kuthibitisha kwamba umeipokea.

Wako katika biashara,

Zuhura
Meneja wa Fedha, kwa niaba ya duka la jumla

Viambatisho: nakala za ankara tatu, hati tatu za kupokelea mzigo, hati ya kurudisha katoni 4, risiti ya 14 Machi na chapisho la ujumbe wa 22 Mei.