Mshale Unaelekea kwa Nani? Utando wa Chakula wa Ziwa Victoria

Haya, Darasa la Tano, tazameni ubaoni. Huu ni utando wa chakula wa Ziwa Victoria. Msiogope wingi wa mishale.

Anzeni chini kabisa, kwenye mwani, vile vijimea vinavyoyafanya maji yawe ya kijani. Mwani hutengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua, ndiyo maana tunauita mzalishaji. Hapo mshale mmoja unakwenda kwa sato, na mwingine kwa wanyama wadogo mno wanaoelea majini. Hao huliwa na dagaa. Kwa dagaa inatoka mishale mitatu: kwa sangara, kwa ndege mnandi, na kwetu sisi.

Hapa ndipo wengi hukosa alama. Mtoto anajua sangara anamla dagaa, basi anachora mshale kutoka kwa sangara kwenda kwa dagaa, kama mtu anayekinyooshea kidole chakula chake. Sivyo! Mshale hauonyeshi nani anamwinda nani. Unaonyesha nishati inakwenda wapi. Dagaa akishaliwa, nishati iliyokuwa mwilini mwake inaingia kwa sangara. Kwa hiyo kichwa cha mshale kinamgusa mlaji, na mkia unabaki kwa anayeliwa:

mwani → wanyama wanaoelea → dagaa → sangara

Mkifika kwenye mshale, someni "huliwa na". Dagaa huliwa na sangara: sawa. Sasa ugeuzeni. Sangara huliwa na dagaa? Mnacheka wenyewe.

Lakini nishati haipiti yote. Dagaa anaogelea, anapumua, na nyingi inapotea kama joto. Kwa makadirio, sehemu moja tu ya kumi hivi ndiyo hufika kwa mlaji anayefuata. Mwani ukiwa na vipimo 1,000 vya nishati, wanyama wanaoelea wanapata kama 100, dagaa 10, sangara 1. Ndiyo maana anayekaa mwisho wa mishale hii hupata nishati kidogo kuliko wote.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, ule mshale unaotoka kwa sangara na kumrudia sangara si makosa ya chaki. Sangara wakubwa hula sangara wadogo.

Tena sangara hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wamepungua sana, wengine wametoweka. Mishale kutoka kwa furu kwenda kwa sangara ilikuwa mingi mno, na ndege waliotegemea furu ikabidi watafute samaki wengine.

Fungueni madaftari, tumieni penseli. Chukueni mchoro huu, muongeze fisi maji, ambaye hula samaki. Kisha futeni dagaa, na mweke alama ya X kwa kila kiumbe atakayepungukiwa chakula. Angalizo: mwani usiuwekee X kabla hujatazama mshale wake unaelekea wapi.