Mpango wa Kuzuia Kipindupindu katika Makazi Yenye Msongamano: Mfano wa Kata ya Tandale, Dar es Salaam

*Kazi ya moduli: Maji, Usafi wa Mazingira na Magonjwa ya Mlipuko. Stashahada ya Afya ya Jamii, mwaka wa pili.*

1. Tatizo na eneo

Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia Dar es Salaam mwezi Agosti, katika Wilaya ya Kinondoni, kisha ukasambaa hadi Zanzibar na sehemu kubwa ya Tanzania Bara. Tandale imo ndani ya Kinondoni, na hali iliyoupa ugonjwa nafasi wakati ule bado inaonekana kwa yeyote anayepita vichochoro vyake wakati wa masika. Nyumba zimebanana, ardhi ni tambarare, maji ya ardhini yako karibu na uso, na Mto Ng'ombe hufurika. Nyumba nyingi ni za vyumba sita, kila chumba kina familia yake, na choo ni kimoja uani. Familia sita za watu wanne wanne ni watu 24, wakati viwango vya kimataifa vya huduma za dharura (Sphere) vinataka watu wasiozidi 20 kwa choo.

Ili mpango huu uwe na hesabu zinazofuatilika, nimechukua eneo la kukadiria la kaya 1,000 zenye watu 4,000, lililogawanywa katika vitongoji 10 vya kaya 100. Namba za malengo zilizomo humu ni mapendekezo yangu, isipokuwa pale ninapotaja kiwango kinachojulikana.

2. Ugonjwa unapitia wapi

Bakteria wa *Vibrio cholerae* huingia mwilini kwa maji au chakula chenye kinyesi. Dalili huanza ndani ya saa chache hadi siku tano. Wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, lakini hutoa vimelea kwenye kinyesi kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo kumtenga mgonjwa peke yake hakutoshi, kwani aliyemwambukiza huenda yuko kazini na mzima wa afya.

Mipango mingi husema tu "maji si salama" na kuishia hapo. Tandale maji hubadilika njiani. Yanaweza kutoka kwenye kioski yakiwa na klorini ya kutosha, yakabebwa kwa mkokoteni katika madumu ambayo hayajasuguliwa kwa muda mrefu, yakamiminwa kwenye pipa lisilo na mfuniko, kisha yakachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mtoto aliyetoka chooni. Hadi yanapofika mdomoni, klorini imekwisha. Visima vifupi ni hatari zaidi: kisima hutakiwa kuwa mita 30 au zaidi kutoka kwenye choo, na katika viwanja hivi umbali huo haupatikani. Maji ya visima hivyo yachukuliwe kuwa machafu hata kama yanang'aa, na hakuna haja ya kutumia fedha za mpango kuyapima ili kuthibitisha hilo.

Njia ya pili ni choo kilichojaa. Gari la maji taka halipiti kichochoroni, kumlipa mtu wa kutoa kinyesi ni gharama, na mwenye nyumba mara nyingi haishi hapo. Mvua kubwa ikinyesha, baadhi hutapisha choo: hutoboa karo na kuacha kinyesi kiondoke na maji ya mvua. Aliye mtaa wa chini ndiye anayekipokea.

Chakula kina nafasi yake, ila tusikilaumu chote kwa pamoja. Ugali na maharage ya moto kwa mama lishe si hatari sana, kwa kuwa joto la kupikia huua vimelea. Hatari iko kwenye kachumbari, matunda yaliyokatwa, barafu, juisi, maji ya kandoro, na ndoo moja inayooshea sahani za wateja wote tangu asubuhi.

3. Lengo

Lengo kuu ni kwamba katika misimu miwili ya mvua, masika na vuli, mgonjwa wa kwanza akitokea ugonjwa usivuke kitongoji chake, na asife mtu yeyote kwa kuchelewa kupata maji ya chumvi na sukari (ORS).

4. Afua

*4.1 Maji, hadi ndani ya ndoo.* Kwa lita 15 kwa mtu kwa siku, eneo linahitaji lita 60,000 kila siku. Kwa watu wasiozidi 250 kwa bomba moja, zinahitajika bomba 16 zinazotoa maji. Ujenzi wa mtandao ni kazi ya mamlaka ya maji na huchukua muda, hivyo mpango huu unaanzia kwenye kinachowezekana ndani ya wiki mbili, yaani kutia klorini mahali pa kuchotea na nyumbani.

Mhudumu atakaa kwenye kioski asubuhi na jioni, akitia klorini kila ndoo. Mmumunyo wa asilimia 1 una miligramu 10 za klorini kwa kila mililita. Ndoo ya lita 20 ikihitaji miligramu 2 kwa lita, hesabu ni:

20 × 2 = miligramu 40; 40 ÷ 10 = mililita 4

Maji yakiwa na tope, kwanza yachujwe kwa kitambaa safi, kisha kipimo kiongezwe mara mbili hadi mililita 8. Baada ya dakika 30 yanaweza kunywewa. Wasukuma mikokoteni wasifukuzwe, kwa sababu wao ndio mtandao wa maji wa eneo hili. Watasajiliwa, watapewa brashi na klorini ya kusafishia madumu, na majina ya wanaofuata utaratibu yatabandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ili wateja wachague wenyewe.

*4.2 Vyoo.* Hapa ndipo ningeweka fedha nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, vyoo vyote vitakaguliwa kwa kijiti chenye alama, na choo ambacho kinyesi kimebakiza chini ya nusu mita kufika juu kitaingizwa kwenye orodha ya kunyonywa. Kazi itafanywa na vikundi vya vijana wenye pampu ya mkono, mapipa yenye mifuniko na toroli linalopita kichochoroni, hadi sehemu ambayo gari la maji taka linafika. Wanaofanya kazi hii sasa, wanaoitwa vyura, wapewe nafasi ya kwanza, pamoja na glavu, buti na chanjo. Wanazijua karo hizi kuliko afisa yeyote.

Malipo yagawanywe: mwenye nyumba nusu, mfuko wa mtaa nusu, na mwenye nyumba alipe kwa awamu. Faini ibaki kwa anayetapisha kwa makusudi ilhali huduma ipo. Ukianza na faini kabla ya huduma, watu watatapisha usiku.

*4.3 Wauza chakula.* Kila mama lishe na baba lishe atatakiwa kuwa na ndoo ya bomba yenye sabuni kwa wateja, na ndoo mbili za kuoshea vyombo, ya pili ikiwa na klorini. Mlipuko ukithibitishwa, kachumbari, matunda yaliyokatwa na maji ya kandoro visimame, lakini chakula cha moto kiendelee kuuzwa. Kufunga vibanda vyote huwanyima watu chakula kilichoiva na kumnyima mama lishe kodi ya chumba, kisha biashara huhamia uani ambako hakuna ukaguzi.

*4.4 Kugundua mapema na kuzingira.* Wakati hakuna mlipuko, wa kushukiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi anayeharisha majimaji ghafla na kuishiwa maji sana, au aliyefariki kwa hali hiyo. Mlipuko ukitangazwa, ni yeyote anayeharisha majimaji ghafla. Kila kitongoji kitakuwa na kituo kimoja cha ORS kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wagonjwa wengi hupona kwa ORS peke yake, ila mwenye hali mbaya anaweza kufa ndani ya saa chache, hivyo bajaji ya kumpeleka kituo cha afya ilipiwe na mfuko wa mtaa bila kusubiri kikao.

Mgonjwa akipatikana, ndani ya saa 48 timu itazifikia nyumba zote zilizo ndani ya mita 100 kutoka kwake: klorini, sabuni, ORS, kuangalia choo, kuuliza kama kuna mwingine anayeharisha. Sakafu na sehemu zinazoguswa zisafishwe kwa klorini ya asilimia 0.2. Maiti ashughulikiwe kwa asilimia 2, kwa kushirikiana na wanaosimamia maziko msikitini na kanisani, na kusiwe na chakula cha pamoja kilichopikwa na waliomwosha.

*4.5 Chanjo.* Unguja na Pemba zilitumia chanjo ya kunywa mwaka 2009 na ikaonyesha kinga nzuri. Hata hivyo upungufu duniani ulisababisha, tangu Oktoba 2022, kampeni za dharura kutoa dozi moja badala ya mbili. Tandale iombewe chanjo mlipuko ukithibitishwa, lakini mpango usiitegemee.

5. Viashiria

Idadi ya mikutano, mabango na watu waliohamasishwa haimo kwenye jedwali. Itaandikwa kwenye ripoti ya matumizi, kwani inaonyesha tulichofanya, haionyeshi kama maji ni salama.

| Kiashiria | Namna ya kupima | Lengo |
|---|---|---|
| Kaya zenye klorini ya mabaki angalau miligramu 0.2 kwa lita kwenye chombo cha kunywea | Kaya 30 kwa wiki, 3 kila kitongoji | 80% |
| Vioski vyenye angalau miligramu 0.5 kwa lita | Kila siku, asubuhi na jioni | 95% |
| Vyoo vilivyobakiza nusu mita au zaidi | Ukaguzi kabla ya kila msimu wa mvua | 90% |
| Vyoo vilivyotapishwa | Taarifa za wajumbe baada ya kila mvua kubwa | 0 |
| Wagonjwa waliozingirwa ndani ya saa 48 | Daftari la timu | 90% |
| Walezi wanaoweza kuchanganya ORS mbele ya mhudumu | Kaya zilezile 30 | 85% |
| Vifo, vikiwemo vya nyumbani | Kila kifo kuchunguzwa | 0 |

Kaya za kupimwa zichaguliwe kwa kura kutoka kwenye orodha. Mhudumu akiachiwa achague, atapima nyumba za kando ya barabara. Kaya 30 ni chache: zikipatikana 24 zenye klorini (80%), ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 66% na 94%. Wiki moja haitoshi kumsifu wala kumkaripia mtu. Wiki nne zikijumlishwa, kaya 120, tofauti hupungua hadi kama asilimia 7 kila upande.

Kuhusu vifo, kiwango kinachokubalika ni chini ya 1% ya wagonjwa. Katika eneo dogo asilimia hiyo hupotosha: kifo kimoja kati ya wagonjwa 30 ni 3.3%. Afadhali kila kifo kiulizwe aliugua saa ngapi, alipata ORS lini, nani alichelewa. Vilevile idadi ya wagonjwa itapanda mwezi wa kwanza kwa sababu tumeanza kuwatafuta, na mwenyekiti wa mtaa aelezwe hilo mapema, kabla hajaulizwa na wakubwa wake.

6. Matokeo yataamua nini

Klorini ikiwa sawa kwenye kioski lakini iko chini ya 80% nyumbani kwa wiki mbili mfululizo, kazi ihamie kwenye madumu na mapipa, na kipimo cha kioskini kisiongezwe, kwa sababu maji yakianza kunuka watu watarudi kwenye visima. Ikishuka kioskini, mamlaka ya maji ipigiwe simu siku hiyohiyo. Vyoo vilivyobakiza nafasi vikiwa chini ya 90% wiki tatu kabla ya masika, fedha za mabango zote zihamishiwe kwenye pampu na mapipa. Wagonjwa wawili wasiohusiana wakitokea katika kitongoji kimoja ndani ya siku tano, mtaa usisubiri majibu ya maabara: klorini ya kioskini na kuzingira nyumba vianze, na sampuli ziendelee na safari yake.