Semina ya mwaka wa mwisho: pairolisisi ya plastiki na urojo unaotoka kwenye bomba

Muda: dakika 50. Mezani: chupa mbili za kioo zenye mfuniko, A na B, karatasi za kromatogramu, moja kwa kila kundi. Kiyoyozi kizimwe nusu saa kabla.

Asalaam aleikum. Karibuni. Mliokaa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina miiba.

Kabla sijasema jambo, pitisheni chupa hizi mkono kwa mkono. Msizifungue, harufu yake haitoki nguoni leo. A ina kitu cha manjano, nusu kimaji nusu samli. B ni nyepesi, rangi ya chai ya rangi. Zote mbili zimepikwa kwenye kifaa kimoja, nyuzi 450, ndani ya nitrojeni, wiki iliyopita. Kwa nini hazifanani?

(Ngoja. Watataja joto, muda, kichocheo. Andika yote ubaoni. Usiseme bado kwamba A ilikuwa vifuniko vya chupa za maji na B ilikuwa masahani ya chakula ya povu.)

Tuyaache hapo ubaoni. Kuna mtu humu ambaye kwao wanachoma mkaa? Basi huyo anaijua pairolisisi kabla yangu. Kuni zinapangwa, zinafunikwa majani na udongo, hewa inabanwa. Hewa ikipenya unapata jivu. Ikibanwa vizuri, kuni zinavunjikavunjika kwa joto bila kuungua: moshi na lami vinatoka, mkaa unabaki. Kwenye plastiki mambo yanageuka: ule moshi ndio mali, na mkaa ndio uchafu. Kwa hiyo tunauongoza moshi kwenye kondensa badala ya kuuachia uende juu.

Mtu wa Pemba atanikatiza aseme: hiyo si ndiyo tunavyopata mafuta ya makonyo? Hapana, na tofauti hii ishikeni. Mvuke unapopita kwenye makonyo ya karafuu unachukua kitu ambacho tayari kimo ndani, na sehemu kubwa yake ni eujenoli. Kwenye kifuniko cha chupa hamna mafuta. Mafuta tunayazua pale pale kwa kukata minyororo, na kila mkato unatoa molekuli nyingine. Ndiyo maana huku unapata urojo wenye mamia ya vitu.

(Slaidi ya 2: mnyororo wa poliethilini, C–C zote sawa.)

Poliethilini, basi, ndiyo plastiki ya vifuniko. Angalieni mnyororo huu na mniambie utakatikia wapi. Hakuna anayeweza kujibu, na hilo ndilo jibu. Viungo vyote vya kaboni kwa kaboni vinafanana, kila kimoja kinataka takriban kilojuli 350 kwa moli, kwa hiyo mkato unaweza kutokea popote. Ukishakatika, ncha mbili zinabaki radikali huru, kila moja na elektroni isiyo na mwenzake. Radikali haitulii. Ama inamnyang'anya jirani hidrojeni, ama mkia wake unajipinda na kuinyang'anya kaboni ya tano au ya sita ya mwili wake wenyewe, ama kiungo cha pili kutoka ilipo radikali kinakatika na kuzaa alkeni na radikali mpya. Mchezo unaendelea mpaka radikali mbili zikutane na kuuzima.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kromatogramu, mchoro ambao kila kilele ni kitu kimoja kilichotenganishwa na wenzake, na mimi nikiiona naona mafiga. Kwa kila idadi ya kaboni, C10, C11, C12 na kuendelea, kuna vilele vitatu vilivyokaa pamoja: kwanza daieni yenye vifungo maradufu kwenye ncha zote mbili, halafu alkeni, halafu alkani. Mafiga matatu, nafasi, mafiga matatu, nafasi, mpaka mwisho wa karatasi. Ukiyaona, hata kama aliyekuletea sampuli anaapa kwamba ni dizeli safi, muulize vifuniko alivipata wapi. Dizeli ya kituo cha mafuta haina alkeni kiasi hicho.

Sasa rudini kwenye chupa A. Oktadekeni, yaani alkani ya C18... samahani, nimejikwaa mwenyewe. Oktadekani, yenye "ani" mwishoni. Inayeyuka nyuzi 28. Aikosani, C20, nyuzi 37. Joto la chumba hiki mchana ni 30 hivi, ndiyo maana A iko nusu kwa nusu. Washa kiyoyozi, tafadhali. Tukifika mwisho wa semina muiangalie tena.

Na hili nililipia. Mara ya kwanza kupika vifuniko nilipitisha maji ya barafu kwenye kondensa, nikajiona hodari. Baada ya dakika 20 nta ikaganda ndani ya bomba, shinikizo likapanda, kizibo kikaruka mpaka dirishani. Hakuna aliyeumia, ila ukuta ule una doa hadi leo. Kwa nta, chombo cha kwanza cha kupozea kiwe cha vuguvugu, baridi ije baadaye.

Polipropilini sitaikalia sana. Kila kaboni ya pili ina tawi la methili, radikali inapenda kukaa hapo kwenye tawi, kwa hiyo mikato ina mpangilio kiasi. Alama yake ni kilele kirefu cha 2,4-daimethili-1-hepteni, ambacho ni propilini tatu zilizoshikana. Ukikiona kwenye sampuli ya "vifuniko vya poliethilini tupu", kuna aliyechanganya.

Chupa B ndiyo inayonifurahisha. Povu la sahani ni polistairini. Pete ya benzini iliyoko pembeni inaituliza radikali, kwa hiyo badala ya kukatika ovyo, mnyororo unajifungua kutoka nchani kama mshono wa mkeka ulioshika uzi wake: stairini moja, nyingine, nyingine. Sehemu kubwa ya mafuta ya B ni stairini yenyewe, pamoja na stairini zilizoshikana mbilimbili na tatutatu, toluini, ethilibenzini na alfa-methilistairini. Akriliki ya vibao vya matangazo inajifungua vizuri zaidi. Walter Kaminsky na wenzake pale Chuo Kikuu cha Hamburg, walioanza miaka ya 1970 kupika plastiki kwenye kitanda cha mchanga unaochemka kwa gesi, walipata zaidi ya asilimia 90 ya monoma yake.

Futeni sasa yale majibu ya ubaoni? La, msifute. Joto ni kweli: ukipanda kuelekea nyuzi 700, nta inapungua, gesi na aromatiki zinaongezeka. Muda ni kweli, mvuke ukikawia kwenye moto unavunjika mara ya pili. Kichocheo pia; zeolaiti kama HZSM-5 inaishusha poliethilini hadi gesi, toluini na zailini, mpaka vitundu vyake vizibwe na masizi. Lakini umbo la polima ndilo linaloamua kwanza, na hayo mengine yanafuata.

(Slaidi ya 5. Waache wapige hesabu wenyewe, dakika tatu.)

PVC. Kizio chake ni C2H3Cl, gramu 62.5 kwa moli. Klorini ni 35.5. Asilimia ngapi? Naam, karibu 57. Kuanzia nyuzi 250 hivi inaachia HCl, kabla hata poliethilini haijaamka. Sasa chukueni kilo moja ya plastiki iliyochambuliwa kwa uangalifu, lakini ndani yake imepenya PVC asilimia 1: kipande cha bomba, kipande cha kandambili. Gramu 10 za PVC, gramu 5.7 za klorini. Tuseme asilimia 99 imeondoka kama gesi na kunaswa kwenye chokaa. Imebaki miligramu 57. Mafuta umepata gramu 800. Gawanyeni: miligramu 71 kwa kilo. Kiwanda kinachovunja naftha kwa mvuke kutengeneza ethilini kinataka miligramu chache tu, kwa sababu klorini inakula chuma. Kipande cha kandambili kimeharibu kilo nzima.

PET nayo, chupa ya maji yenyewe, isiingie humu kabisa. Theluthi moja ya uzito wake ni oksijeni. Ukiipika unapata dioksidi ya kaboni, monoksidi, na asidi ya benzoiki na ya tereftaliki, ambazo zinatoka kama mvuke na kuganda kwenye bomba kama theluji ya friji. Kwa PET ipo njia ya heshima zaidi, kuirudisha kwa maji, kwa methanoli au kwa glaikoli. Kwa hiyo chupa huku, kifuniko kule. Nailoni, ikiwemo nyavu, inaleta nitrojeni. Kamba za mwani kutoka Paje zinakuja na chumvi na mchanga. Chumvi nyingi inabaki kwenye masazo, lakini zioshwe.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Nendeni Kibele mkaangalie jaa: kilichobaki ni chupa, vifuniko, masahani, pakiti za tabaka nyingi. Anayetaka kuleta mtambo wa kumeza vyote hivyo kwa pamoja na kutoa "dizeli" anauza ndoto. Na akiyachoma mafuta hayo kwenye jenereta, kaboni imeenda hewani. Hapo ameteketeza plastiki kwa hatua mbili. Kurejeleza, kwa jinsi ninavyolielewa neno, ni mpaka molekuli irudi kuwa plastiki. Mtapinga, najua. Tutabishana.

(Slaidi ya 6: mizania ya wiki iliyopita, chupa A.)

Mwisho, hesabu yangu mwenyewe muichane. Niliweka gramu 200. Mafuta na nta 148. Masazo 6. Gesi 46. Nani ameona tatizo? ... Gesi niliipimaje? Sikuipima. Nilitoa tu. Kwa hiyo ndani ya 46 kuna gesi, kuna nta iliyoganda kwenye bomba, na kuna mvuke mwepesi uliopita kondensa bila kusimama. Kwenye miradi yenu sitaki kuona "gesi kwa kutoa". Pimeni bomba kabla na baada, kamateni gesi kwenye mfuko, ndipo muandike.

(Gawa karatasi.)

Kila kundi lina kromatogramu moja isiyo na jina. Mbili zina mafiga, moja haina, na moja ina mafiga na kilele kimoja kirefu ambacho hakikutakiwa kuwepo. Dakika 15: niambieni kilichoingia kwenye kifaa, si kilichotoka tu. Kundi la kwanza mtaanza. Na nipeni hiyo chupa A, naona imeshaganda.