Wasifu-Kazi: Mwanaidi Shee Kombo

Nafasi ninayoomba: Mtayarishaji programu upande wa seva (Python, Django)
Makao: Langoni, Lamu. Naweza kufanya kazi kwa mtandao au kuhamia Malindi.
Mawasiliano na kiungo cha GitHub: kama nilivyojaza kwenye fomu ya maombi.

MUHTASARI
Miaka 4 ya Python na Django, kwa kujifunza mwenyewe. Mifumo 2 niliyoiunda inatumika kila siku. Mmoja hupokea malipo ya M-Pesa.

UJUZI
Kila siku: Python, Django, Django REST Framework, PostgreSQL, pytest, Git, Linux (Ubuntu).
Mara kwa mara: JavaScript, Docker, Celery, Redis, Nginx, GitHub Actions.
Kidogo: React. Kubernetes sijaitumia.

MIRADI

*Mizani ya Samaki, 2023 hadi sasa* (Django, PostgreSQL, IndexedDB)
Daftari la samaki wanaoteremshwa pwani kutoka vyombo 14. Karani hupima changu, tafi na nguru hata mtandao ukikatika. Rekodi hukaa kwenye IndexedDB ya simu hadi mtandao urudi. Kila rekodi hupewa UUID palepale kwenye simu, hivyo hata ikitumwa mara mbili seva huiandika mara moja tu. Uzito huhifadhiwa kwa gramu nzima: toleo la kwanza lilitumia `float`, na jumla ya mwezi ikawa haioani na daftari la karatasi. Majaribio 86 ya pytest hupita kabla ya kila toleo.

*Tiketi za Boti, Mokowe hadi Lamu, 2024* (Django, Daraja API, Celery, Redis)
Abiria hulipa kwa STK Push. Namba za 07 na 01 hugeuzwa kuanza na 254 kabla ya ombi kutumwa. Jibu lisipofika kwenye `CallBackURL` ndani ya sekunde 60, Celery huuliza hali ya malipo kwa `CheckoutRequestID`. Hadi hapo kiti hubaki kimeshikwa na tiketi haitoki. Msimbo wa sehemu hii naweza kuupitia nanyi kwenye usaili, mstari kwa mstari.

PROGRAMU HURIA
*saa-kiswahili* (mwandishi, leseni ya MIT): hugeuza 07:00 kuwa saa moja asubuhi. Kanuni ni `(h + 6) % 12`, na 0 husomwa 12. Kazi ngumu si hesabu, ni mpaka wa alfajiri na asubuhi. Mtumiaji huupanga mwenyewe.
*Django:* tafsiri za Kiswahili kupitia Transifex.
*OpenStreetMap:* vichochoro vya mji wa kale wa Lamu (`highway=footway`). GPS huyumba kati ya kuta ndefu, kwa hiyo kila njia nililinganisha na picha za setilaiti.

KAZI
Fundi wa kompyuta, saiba, Lamu, 2019–2022: kuweka Ubuntu, ruta, na nakala za akiba kila usiku kwa `rsync`.

ELIMU
KCSE, 2018. CS50x kupitia edX, 2020. Sina shahada.

LUGHA
Kiswahili (Kiamu nyumbani), Kiingereza.

KUANZA KAZI
Wiki 2 baada ya kukubaliwa. Kwa usaili, siku yoyote ya kazi. Ijumaa isiwe kati ya saa sita na saa nane mchana.