Atupele Apate Cheti: skripti ya video kwa wazazi wapya

Muda: kama dakika nane.
Mahali: kliniki ya mama na mtoto katika kituo cha afya, na ofisi ya mtendaji wa kata, Jiji la Mbeya.
Wahusika: Sista Rehema, muuguzi, ambaye pia ni msimulizi. Tumpe, mama wa mtoto. Ambakisye, baba. Atupele, mtoto wa wiki sita. Mama Sekela, jirani aliyejifungulia nyumbani. Mtendaji wa kata.

Kwa wapiga picha: video hii itachezwa kwenye televisheni ya benchi la kusubiria, watoto wanalia na spika haisikiki. Kila jambo la lazima liandikwe pia kwenye skrini, herufi kubwa, likae sekunde tano. Fomu na cheti vitakavyoonekana viwe vimebatilishwa kwa mstari mwekundu. Namba za NIDA zifunikwe na gundi ya karatasi, hata kama ni za kubuni.

TUKIO LA 1. KLINIKI, ASUBUHI

PICHA: Mizani ya kuning'iniza. Atupele anashushwa. Tumpe anamfunga mgongoni kwa khanga.

SISTA REHEMA: Kilo nne na nusu, hongera mama. Cheti chake cha kuzaliwa kipo?

TUMPE: Kipo, sista. Hiki hapa.

PICHA: Tumpe anatoa kadi ya kliniki kwenye mkoba. Kamera ikae kwenye kadi.

SISTA REHEMA: Hii ni kadi ya kliniki. Inaonyesha uzito na chanjo. Ukienda nayo kumwandikisha darasa la kwanza, au kumwingiza kwenye bima ya afya, watakurudisha.

TUMPE: (anatoa karatasi nyingine) Basi ni hii?

SISTA REHEMA: Hilo ni tangazo la kizazi. Linasema mtoto fulani amezaliwa siku fulani mahali fulani. Ni la kukupeleka kwa msajili, si la kukaa nalo kabatini. Mama wengi wanalitunza miaka mitano wakidhani wameshamaliza.

SKRINI: KADI YA KLINIKI SI CHETI. TANGAZO LA KIZAZI SI CHETI.

TUKIO LA 2. SISTA ANAONGEA NA KAMERA

SISTA REHEMA: Ninyi mlioketi hapo, nisikilizeni. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Sasa hesabuni kwa kalenda ya chanjo. Mtoto anachanjwa akizaliwa, anarudi wiki ya 6, wiki ya 10, kisha wiki ya 14. Wiki 14 ni siku 98. Ukisema nitasajili tukija chanjo ya wiki ya 14, umeshapitwa. Wiki ya 6 ndiyo nzuri. Ya 10 bado unawahi.

PICHA: Kalenda ya ukutani. Kidole kinapita juu ya tarehe, kinasimama wiki ya 6. Siku ya 90 imezungushiwa wino mwekundu.

SISTA REHEMA: Ukichelewa usikate tamaa ukamficha mtoto. Aliye chini ya miaka mitano bado anasajiliwa, na cheti chake cha kwanza ni bure. Mbeya ndiko mpango huu ulikoanzia, mwaka 2013. Huna haja ya kupanda gari hadi ofisi ya wilaya. Unasajili kwenye kituo cha afya kinachotoa huduma ya mama na mtoto, au kwa mtendaji wa kata yako.

SKRINI: NDANI YA SIKU 90. CHINI YA MIAKA MITANO: BURE. KITUO CHA AFYA AU OFISI YA KATA.

TUKIO LA 3. MEZA YA USAJILI

PICHA: Vitu vinawekwa mezani kimoja kimoja: kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, kitambulisho cha mama, kitambulisho cha baba. Bila maneno, muziki wa chini tu. Sekunde kumi na tano zinatosha.

SISTA REHEMA (sauti): Kama kadi ya NIDA haijatoka, njoo na namba yako, au kitambulisho cha mpiga kura. Huna kabisa? Pita kwanza serikali ya mtaa, wakuandikie barua ya utambulisho. Usibaki nyumbani kwa sababu ya kadi.

TUKIO LA 4. KUJAZA FOMU

Kwa mhariri: hapa usikate kate. Hii ndiyo sehemu inayowatesa watu miaka kumi na minane baadaye, kijana anapoomba kitambulisho cha taifa na majina hayalingani. Tukiwa na dakika tatu za kutumia, zitumike hapa.

PICHA: Sista na kalamu. Tumpe na Ambakisye wamekaa mbele yake.

SISTA REHEMA: Jina la mtoto?

AMBAKISYE: Atupele. La pili tunamsubiri babu yake, yuko shamba Tukuyu. Yeye ndiye anayetoa majina ya ukoo.

SISTA REHEMA: Babu ana simu?

AMBAKISYE: Anayo.

SISTA REHEMA: Basi apigiwe sasa hivi, nje hapo. Tutamngoja.

PICHA: Ambakisye nje, simu sikioni, anapiga goti kidogo anapoamkia. Hatumsikii. Anarudi akicheka.

AMBAKISYE: Amesema liwe langu. Atupele Ambakisye.

SISTA REHEMA: Nitajie lako herufi kwa herufi.

AMBAKISYE: Si unaandika tu, sista? Ambakisye.

SISTA REHEMA: Nikiandika ninavyosikia, naweza kuweka S-I-E. Kitambulisho chako kinasemaje?

PICHA: Karibu sana: kidole cha Ambakisye kinafuata herufi za jina kwenye kitambulisho (namba imefunikwa). A, M, B, A, K, I, S, Y, E.

SISTA REHEMA: (kwa kamera) Jina la baba na la mama yaandikwe kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, si kama mnavyoitana mtaani. Baba Atupele halimo NIDA. (kwa Tumpe) Na wewe, mama?

TUMPE: Andika Tumpe, halafu ukoo wa mume wangu.

SISTA REHEMA: Kitambulisho chako kina ukoo wa mume?

TUMPE: Hapana, cha nyumbani kwetu.

SISTA REHEMA: Naandika cha nyumbani kwenu. Ndoa haijabadilisha kitambulisho, na mimi siwezi kukibadilisha kwa kalamu.

SKRINI: MAJINA YA WAZAZI: KAMA KWENYE KITAMBULISHO, HERUFI KWA HERUFI.

SISTA REHEMA: Mahali alipozaliwa?

AMBAKISYE: Tukuyu.

TUMPE: (anamgeukia) Tukuyu lini? Si nilijifungulia wodi ile pale?

AMBAKISYE: Lakini kwetu ni Tukuyu.

SISTA REHEMA: Kwenu ni Tukuyu na mtapeleka ndizi za babu Krismasi. Mtoto amezaliwa Mbeya mjini, ndipo panapoandikwa.

PICHA: Wote wanacheka. Atupele anapiga chafya. (Akikataa kupiga chafya siku ya kurekodi, tuendelee bila.)

SISTA REHEMA: Tarehe nasoma kwenye tangazo. Alizaliwa usiku, kasoro dakika chache saa sita. Wengine hapa wanataja siku iliyofuata kwa sababu ndipo ndugu walipopata habari. Twende na karatasi.

SISTA REHEMA: (kwa kamera, taratibu) Na kuna swali ambalo mama wengine wananiuliza kwa kunong'ona. Sina ndoa, au baba hayupo, nifanyeje? Mama, njoo usajili mwenyewe. Mtoto ana haki ya jina na kusajiliwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imesema hivyo, na haikusema kwanza wazazi wafunge ndoa. Kama hamjaoana na mnataka jina la baba liandikwe, mje wote wawili, naye akiri mwenyewe mbele ya msajili na atie saini. Usimwandikie mwanaume jina lake akiwa hayupo, na usimwandikie mjomba kama baba ili nafasi isibaki wazi. Kutoa taarifa za uongo kwa msajili ni kosa kisheria, na mtoto ndiye atakayehangaika kuzifuta.

SKRINI: MAMA PEKE YAKE ANAWEZA KUSAJILI.

TUKIO LA 5. CHETI

PICHA: Sista anatuma taarifa kwa simu ya mkononi. Kisha anaandika cheti kwa mkono. Sauti ya kalamu isikike kama inawezekana.

SISTA REHEMA (sauti): Taarifa zinaingia kwenye kanzidata ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa njia ya simu. Cheti kinaandikwa kwa mkono. Watu wakikiona wanauliza kama ni cha kweli. Ni cha kweli. Kina namba yake, na usajili ule uko kwenye mfumo.

PICHA: Sista anamkabidhi Tumpe cheti, Tumpe anataka kukikunja.

SISTA REHEMA: Usikikunje. Usome kwanza, kwa sauti, hapa mbele yangu.

TUMPE: Atupele Ambakisye. Jinsi, ke. Tarehe... ndiyo. Mahali... ndiyo. Baba, S, Y, E. Mama... sawa.

SISTA REHEMA: Ungekuta kosa sasa, tungelishughulikia hapa hapa. Ukiligundua mwakani, ni safari ya ofisi ya wilaya, maombi ya marekebisho na vielelezo. Mkapige picha cheti hicho kwa simu, pande zote mbili, muitume kwa ndugu mmoja mnayemwamini. Shuleni mpeleke nakala, halisi ibaki nyumbani kwenye bahasha ya plastiki.

AMBAKISYE: Tunalipa shilingi ngapi?

SISTA REHEMA: Hakuna. Na mtu akikuomba hela ya soda ili akupe cheti hiki cha kwanza, mwombe risiti, uone atakavyobadilika uso.

TUKIO LA 6. OFISI YA MTENDAJI WA KATA

PICHA: Ukuta wenye matangazo, benchi la mbao. Mama Sekela na mtoto.

MAMA SEKELA: Shikamoo, mheshimiwa.

MTENDAJI: Marahaba, mama, karibu.

MAMA SEKELA: Mwanangu sikumzalia hospitali. Uchungu ulinishika usiku, bajaji hatukuipata. Sina tangazo.

MTENDAJI: Kliniki umempeleka?

MAMA SEKELA: Ndiyo, kadi hii.

MTENDAJI: Vizuri. Na mwenyekiti wa mtaa anakufahamu?

MAMA SEKELA: Barua yake hii hapa. Na huyu jirani ndiye aliyenishika mkono usiku ule.

MTENDAJI: Basi tunaanza na jina la mtoto. Nitajie herufi kwa herufi.

SKRINI: ULIZALIA NYUMBANI? NENDA NA KADI YA KLINIKI, BARUA YA SERIKALI YA MTAA AU KIJIJI, NA ANAYEFAHAMU KUZALIWA KWA MTOTO.

TUKIO LA 7. SISTA NA KAMERA, KWA HARAKA

SISTA REHEMA: Kwa aliye na mtoto mkubwa zaidi ya miaka mitano asiye na cheti, au aliyepoteza cheti: nenda ofisi ya RITA ya wilaya, ipo kwa mkuu wa wilaya, au omba kwa mtandao kupitia erita.rita.go.tz. Huko kuna ada. Utapewa kontroo namba, ulipie benki au kwa simu, usimpe mtu pesa mkononi. Aliyesajiliwa zamani asisajiliwe upya kwa kuwa karatasi imepotea. Anaomba nakala, kwa sababu usajili ni mmoja.

PICHA: Simu, ukurasa wa eRITA. Kidole kinagusa, bila kuonyesha akaunti ya mtu.

SISTA REHEMA: Waliojifungulia Zanzibar, huko wana wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii, waanzie kule. Wengine wote mlio hapa kwenye benchi na kadi ya wiki ya 6, meza ya usajili ni ile ya kushoto baada ya chanjo.

SKRINI: MEZA YA USAJILI: MLANGO WA KUSHOTO. SIKU ZOTE ZA KLINIKI.