Mpango wa waya: tamasha la kwaya, kanisani Gungu, Kigoma

Bwana Yesu asifiwe, timu ya sauti na picha.

Huu ndio mpango wa waya wa Jumamosi na Jumapili. Urefu wote nimeupima kwa kamba, nikifuata ukuta, nguzo na kenchi ambako waya utapita, kisha nikaongeza mita 3 kila ncha, isipokuwa waya mfupi wa kamera K1. Pasaka tulikadiria kwa macho, tukaunga HDMI mbili kufikia mita 30, na picha ya projekta ikazima na kuwaka mahubiri yote. Wazee waliokaa nyuma hawakusoma andiko hata moja. Jambo lile bado linaniuma.

MEZA YA UFUNDI: nyuma kushoto. Swichi ya video, kompyuta na kadi ya sauti vyote vinakaa hapo. Kila kifaa kiwekwe 1080p50 na shata 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Kamera ikiwa kwenye 60, taa za ukumbi zitapepesa kwenye picha.

KAMERA
K1, nyuma ya mabenchi, mita 4: HDMI ya kawaida inatosha.

K2, nguzo ya kulia karibu na kwaya, mita 38: SDI. Kamera hii inatoa HDMI tu, kwa hiyo kigeuzi kifungwe kwenye stendi yake kwa HDMI fupi, kisha waya wa koaksi wa ohm 75 wenye vichwa vya BNC hadi mezani, ambako kuna kigeuzi cha pili. Msichukue waya wa antena ya redio ya mawasiliano, ule ni wa ohm 50 na kwa nje vinafanana sana. Someni maandishi ya kwenye ganda. HDMI haina kufuli, kwa hiyo ifungeni kwa kamba kwenye stendi. Mwanakwaya akiigusa kidogo tu inachomoka.

SAUTI
S1 na S2, miksa hadi meza, mita 14, XLR mbili. Hizi hazitoki kwenye matokeo makuu, zinatoka Aux 5 na Aux 6. Ukumbini ngoma zinasikika zenyewe bila spika, hivyo fundi wa miksa huzishusha. Tukituma mchanganyiko huohuo hewani, mama mgonjwa anayefuatilia kitandani atasikia kwaya isiyo na ngoma. Kwenye Aux tunazipandisha, na tunaongeza maiki mbili za kunasa waumini. Maiki hizo zisipelekwe kwenye spika kabisa, zitapiga miluzi.

Vilele vya sauti kwenye OBS visizidi -12 dB. Mngurumo ukisikika, wekeni transfoma ya kutenganisha kwenye S1 na S2. Kukata pini ya ethi ya plagi ni marufuku, maana mtu anaweza kufa akiwa ameshika maiki.

Picha hufika ikiwa imechelewa kuliko sauti. Mmoja apige makofi mbele ya K1, tulinganishe, kisha tuicheleweshe sauti kwenye Advanced Audio Properties, safu ya Sync Offset. Anzeni na 100 ms.

PROJEKTA
P1, projekta ya ukumbini, mita 48 kupitia kenchi: jozi ya vifaa vya HDBaseT kwa waya wa Cat6. Kwa 1080p vinafika mita 100, hivyo tuna nafasi ya kutosha. Waya uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba ni wa bei nafuu, lakini kwa umbali huu utatuangusha. Uende moja kwa moja bila kupita kwenye swichi ya intaneti, na rangi zifuate T568B ncha zote mbili. Usilazwe sambamba na waya wa umeme. Vikikutana, vikatane kama msalaba.

P2, projekta ya hema chini ya mwembe, mita 62: SDI, kigeuzi kwenye ncha ya hema. Waya upite juu kutoka dirishani hadi kwenye tawi, maana magari ya wageni yatapita hapo chini. Viungio vya nje vifungwe nailoni, midomo ikiangalia chini. Mvua ya huku haibishi hodi.

UMEME: meza na miksa vichukue soketi moja. UPS ibebe kompyuta, swichi, miksa na ruta mpaka jenereta iwake. Projekta zisiwekwe kwenye UPS, zitaimaliza.

Kila waya uandikwe jina lake ncha zote mbili kwa tepu nyeupe. Sakafuni tepu ifunike waya wote, hasa njia ya akina mama wenye watoto mgongoni.

Tunavuta waya Ijumaa saa 8 mchana. Saa 11 jioni kwaya ya vijana inaimba nusu saa nzima tukirekodi, projekta zote mbili zikiwaka. Waya utakaokatika hata mara moja unatolewa usiku huohuo. Wa akiba, XLR 1 na koaksi ya mita 65, uko stoo nyuma ya madhabahu, na ufunguo ninao mimi.