YAH: Ombi la mrejesho mfupi kuhusu usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi

Ndugu Rehema,

Habari za kazi.

Nimepokea barua pepe yako ya Jumatatu inayonijulisha kwamba nafasi ya Mhasibu Msaidizi katika ofisi yenu ya Kurasini amepewa mwombaji mwingine. Nashukuru kwa taarifa hiyo, hasa kwa kuwa waombaji wengi hapa mjini hubaki wakisubiri simu isiyopigwa. Uamuzi wa jopo nimeupokea, na sikuandika ili kuujadili upya wala kuomba ufikiriwe tena.

Ninachoomba ni mrejesho mfupi, hata wa sentensi mbili, juu ya jambo moja tu: ni sehemu gani ya usaili wangu iliyoonekana kuwa na upungufu mkubwa zaidi? Ili nisikupe kazi ya kupekua jalada zima, nataja sehemu mbili ambazo mimi mwenyewe nazifikiria, nawe unaweza kunijibu kwa kutaja mojawapo, au kuniambia kwamba ilikuwa nyingine kabisa.

Ya kwanza ni jaribio la vitendo. Katika kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa kutumia Excel, miamala miwili ya mwisho niliiandikia maelezo ya namna ningeifuatilia badala ya kuikamilisha, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Jaribio lenyewe, kwa maoni yangu, lilikuwa la haki na linafanana na kazi halisi, na ndiyo maana ningependa kujua kama kasi yangu ndiyo iliyopungua au ni mpangilio wa kazi niliyowasilisha.

Ya pili ni swali la Meneja wa Fedha kuhusu malipo ambayo wakala wa forodha huyafanya kwa niaba ya mteja. Nilieleza kwamba ushuru uliolipwa kwa ajili ya mteja si mapato ya wakala bali ni fedha ya kudai kwa mteja huyo, na kwamba ada ya uwakala ndiyo inayoingia kwenye mapato na kutozwa VAT ya asilimia 18. Alipouliza ni nyaraka zipi ningeambatisha kwenye ankara ya kontena moja, na tozo ya kuchelewesha kontena ningeiweka upande gani, majibu yangu yalikuwa ya jumla. Uzoefu wangu, kama wasifu unavyoonyesha, ni wa biashara ya jumla Kariakoo, ambako kazi yangu ya kila siku ni risiti za EFD, madeni ya wateja na kuandaa ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama jopo lilihitaji mtu aliyekwisha kufanya kazi na mizigo ya bandarini, hilo nitalielewa bila maelezo zaidi.

Sababu ya kuuliza ni ya kiutendaji. Napanga kujisajili kwa mitihani ya NBAA ya Novemba, na kwa kuwa natoka kazini jioni, sitaweza kuunganisha masomo hayo na jambo jingine zaidi ya moja. Ikiwa upungufu ulikuwa kwenye Excel, nitautumia muda uliobaki kufanya mazoezi, lakini ikiwa ulikuwa kwenye uzoefu wa forodha, nitatafuta wakala atakayenipokea siku za Jumamosi ili nijifunze nyaraka hizo kwa vitendo. Neno lako moja litaniokoa nisijiandae upande usiohitajika.

Sihitaji kujua lolote kuhusu aliyechaguliwa, wala alama za waombaji wengine, na si lazima umsumbue Meneja wa Fedha kwa ajili yangu, kwani kile ulichonacho kwenye kumbukumbu zako kinatosha. Unaweza kujibu kwa barua pepe au kwa ujumbe wa WhatsApp kupitia namba iliyo kwenye wasifu wangu, kwa wakati utakaokufaa, nami sitarudi na maswali mengine juu ya jibu hilo. Endapo utaratibu wa kampuni hauruhusu kutoa mrejesho kwa waombaji, naomba uniambie hivyo tu, nami nitaridhika.

Tafadhali nifikishie shukrani zangu kwa wajumbe wa jopo. Ikiwa mnatunza maombi ya waliofika hatua ya usaili, nitafurahi langu likibaki humo kwa nafasi za uhasibu zitakazotangazwa baadaye.

Nakutakia kazi njema.

Wako mtiifu,
Baraka
Mwombaji, nafasi ya Mhasibu Msaidizi
Mbagala, Dar es Salaam